Simu haishiki chaji? Tazama kwanza uchafu wa mfukoni

Mjomba wangu ni mkulima wa pamba mkoani Simiyu. Msimu uliopita simu yake ilianza kusumbua: akichomeka chaja inaonyesha inachaji, akiiweka chini inakata. Akawa anaulalia waya kwa jiwe dogo ili usimame pembeni, kisha hata jiwe likashindwa. Alinunua waya mpya, baadaye akanunua mwingine. Mwishowe fundi wa mnadani akamwambia sistimu chaji imekufa, inatakiwa kubadilishwa.

Nilipomtembelea nilimwomba anionyeshe simu kabla hajalipa. Nilichomeka waya wake na kuona kitu kimoja: kati ya plastiki ya kichwa cha waya na mwili wa simu kulibaki nafasi, na chuma cha kichwa kilikuwa kinaonekana. Waya uleule kwenye simu yangu, ambayo ina tundu la aina hiyohiyo, uliingia mpaka mwisho na kutoa mlio mdogo wa "tiki".

"Mjomba, simu hii unaiweka wapi ukiwa shambani?" nikamuuliza.

"Mfuko wa koti, mwanangu. Huko huko ninakotupia na pamba iliyodondoka."

Jibu lilikuwa limepatikana.

Kinachotokea ndani ya tundu

Kila mfuko wa nguo una nyuzi ndogo zinazokatika, na nyuzi hizo huchanganyika na vumbi, jasho na makapi. Zikiingia kwenye tundu la chaji zikiwa chache hazina madhara. Tatizo ni kwamba kila unapochomeka waya, kichwa chake kinazisukuma ndani zaidi na kuzishindilia, kama mchi kwenye kinu. Baada ya miezi kadhaa sakafu ya tundu inakuwa na kizibo kigumu kama kipande cha blanketi. Ukichungulia haraka unaweza kudhani ndivyo tundu lilivyotengenezwa.

Tuchukue tundu la taipu C, lile ambalo waya unaingia upande wowote, kwa kuwa ndilo lililo kwenye simu nyingi mpya. Katikati yake kuna ulimi mwembamba, unene wake haufiki milimita moja. Juu na chini ya ulimi huo kuna vijino vya shaba, 12 kila upande, vilivyopakwa utando mwembamba wa dhahabu ili visipate kutu. Kichwa cha waya kinauvaa ulimi huo kama soksi, na kikifika mwisho vibanio vyake vya pembeni vinashika mbavu za ulimi. Ule mlio wa "tiki" ni vibanio kushika. Kizibo cha uchafu cha unene wa milimita moja tu kinatosha kuvizuia, na waya usioshika utalegea, utachaji ukiwa umeinamishwa, au utachaji polepole kwa sababu baadhi ya vijino havigusani.

Kwa hiyo kabla ya kulaumu waya au tundu, fanya kama nilivyofanya kwa mjomba. Jaribu waya wako kwenye simu nyingine, kisha jaribu waya wa mwingine kwenye simu yako. Kama kila waya unabaki nje kidogo kwenye simu yako tu, tatizo liko kwenye tundu. Washa tochi ya simu nyingine na umulike ndani. Sakafu safi ni tambarare, nyeusi au ya rangi ya chuma. Ukiona kitu cha kijivu au cha kahawia chenye manyoya, hasa kwenye kona mbili za mwisho, ni uchafu.

Kifaa cha kutumia

Watu wengi hukimbilia pini, sindano au waya wa stepula. Usifanye hivyo. Chuma kinakwangua ule utando wa dhahabu, na kijino kilichokwanguliwa huanza kuota kutu ya kijani baada ya muda, hivyo utakuwa umepona leo na kuharibikiwa baadaye. Tena vijino viko karibu sana, na chuma kinaweza kugusa viwili kwa pamoja na kupiga shoti.

Kinachofaa ni kijiti cha kuchokolea meno, cha mbao au mwanzi, kikiwa kikavu. Kama kilivyo ni kinene mno, kwa maana nafasi kati ya ulimi na ukuta wa tundu haizidi milimita moja. Chukua wembe ukichonge ncha pande mbili mpaka iwe bapa na nyembamba kuliko laini ya simu. Usiilambe wala kuilowesha, kwani mti uliolowa unachanika na kuacha vibanzi ndani. Njiti ya kiberiti haifai, ni laini na inavunjikia humo humo. Ncha ikianza kuchakaa ikate, uchonge upya. Kwa simu ya mjomba nilitumia vijiti vitatu.

Jinsi ya kutoa

Zima simu kabisa na uchomoe kila kitu. Toa kava. Kaa mahali penye mwanga, tandika karatasi nyeupe, na ushike simu tundu likiangalia chini ili kinachofunguka kidondoke badala ya kurudi ndani.

Ingiza kijiti kwenye kona ya tundu, kwenye ule upande mfupi uliopinda, kikitambaa na ukuta wa nje. Kona hizo hazina vijino, na ndiko uchafu unakojaa zaidi. Kishuke taratibu mpaka kiguse sakafu. Ukihisi kama unagusa kitambaa, hicho ndicho kizibo. Ukihisi kitu kigumu kinachokataa, hiyo ni sakafu yenyewe, usiendelee kusukuma. Kisha burura ncha kutoka kona kuelekea katikati huku ukiivuta nje, kama mtu anayetoa nta ya asali kwenye kona ya mzinga. Rudia upande wa pili, halafu juu na chini ya ulimi, kijiti kikiegemea ukuta na sio ulimi.

Nguvu ni ile ya kushika kalamu. Kijiti kikianza kupinda umezidisha. Na usikigeuze kuwa wenzo kwa kukiegemeza kwenye ulimi ili kung'oa uchafu, kwa sababu ulimi ukivunjika hapo ndipo utahitaji kweli sistimu chaji mpya.

Mara nyingi uchafu hautoki kidogo kidogo. Unachokonoa dakika mbili tatu bila kitu, halafu kinatoka kipande kizima. Cha mjomba kilikuwa na ukubwa kama punje ya mchele, kijivu, na ndani yake nyuzi nyeupe za pamba zikionekana wazi. Nyuma yake kikafuata kingine kidogo. Alikitazama kwenye karatasi akacheka, akasema shamba lake limehamia kwenye simu.

Mulika tena. Kama pamebaki vumbi, pitisha mswaki mkavu wenye nywele laini. Kisha chomeka waya: nafasi iwe imeondoka na mlio usikike. Ndipo uwashe.

Kwa simu zenye tundu dogo la zamani, yaani maikro, ambalo bado liko kwenye vitochi vingi, ulimi ni mwembamba zaidi na una vijino vitano upande mmoja. Pita upande wenye nafasi pana, na uwe mpole mara mbili.

Sasa spika

Simu ya mjomba ilikuwa pia na sauti ya chini, redio akiisikia kwa mbali. Hapa kuna jambo la kuangalia kwanza. Kando ya tundu la chaji kuna matundu madogo yaliyopangwa mstari, hayo kwa kawaida ni ya spika. Lakini kitundu kimoja kilicho peke yake ni cha maiki, panapoingia sauti yako. Usiingize kitu chochote humo. Ukikitoboa, utawasikia watu na wao hawatakusikia.

Hata matundu ya spika hayachokonolewi. Nyuma yake kuna wavu mwembamba, na nyuma ya wavu kuna ngozi ya spika inayotikisika. Kijiti kinachopita wavu kinaitoboa ngozi. Tumia mswaki mpya au uliosafishwa na kukauka. Elekeza spika chini, piga mswaki kwa kuulaza, ukifagia kutoka upande mmoja kwenda mwingine, bila kuusimamisha na kudunga. Vumbi lililogandamana kwa mafuta ya ngozi, kama lile la spika ya juu tunayoweka sikioni, hutoka kwa selotepu: bandika upande wenye gundi, bonyeza kwa kidole, bandua, rudia kwa kipande kipya.

Wanaofanya kazi karibu na uchomeleaji au gereji wana tatizo jingine. Spika ina sumaku, nayo inavuta unga wa chuma mpaka kwenye wavu. Mswaki hautoshi hapo kwa sababu sumaku inaurudisha. Selotepu ndiyo inayouondoa.

Kujua kama umefaulu, cheza sauti ileile kabla na baada. Ikiwa sauti ilikuwa ndogo tu, itapanda. Ikiwa inakwaruza au kupasuka hata baada ya kusafisha, na kwenye hedifoni iko safi, spika yenyewe ndiyo imechoka.

Vitu vinavyoharibu

Kupuliza kwa mdomo kunapeleka mate ndani. Mashine ya upepo ya fundi pancha ni mbaya zaidi, kwani upepo wake una nguvu ya kuchana ngozi ya spika na mara nyingi huja na maji na mafuta. Petroli, tina na manukato vinaweza kula plastiki na gundi. Vitakasa mikono vya majimaji mazito huacha utando. Spiriti inafaa tu kwa vijino vyenye jasho lililokauka, na iwe ya asilimia 90 au zaidi, kidogo sana kwenye ncha ya mswaki, simu ikiwa imezimwa, kisha isubiri nusu saa. Kwenye spika usiitumie.

Wakati wa kuacha

Ukimulika na kuona kijino kimepinda, rangi ya kijani, plastiki iliyoyeyuka au alama nyeusi ya kuungua, acha hapo. Vivyo hivyo kama tundu ni safi, mlio wa "tiki" unasikika, umejaribu waya na chaja nyingine zinazochaji simu za wenzako, na bado yako haichaji. Hapo tundu au sakiti ina hitilafu na fundi ana kazi halali. Mwambie umeshasafisha na umeshajaribu chaja zipi, ili asianzie kwenye kukuuzia waya.

Mjomba sasa hubeba simu kwenye mfuko wa shati wenye kifungo, tundu likiangalia chini, na kipande cha nailoni kimeizunguka wakati wa kuvuna. Koti limebaki na pamba yake.