Ukaguzi wa mabano kwa rundo

Ni njia ya kuhakikisha kwamba kila bano lililofunguliwa katika usemi limefungwa na mwenzake, tena kwa mpangilio sahihi. Hutumia rundo, yaani hifadhi ya data ambayo kilichoingia mwisho hutoka kwanza.

Programu husoma alama moja baada ya nyingine. Bano la kufungua huwekwa juu ya rundo. La kufunga sharti lilingane na lililo juu, ambalo huondolewa.

Kuhesabu tu hakutoshi. Katika `([)]` kila aina ina jozi yake, na hesabu inakubali. Rundo halidanganyiki: linapokea `(`, kisha `[`, ikifika `)`, lililo juu ni `[`, na ukaguzi unakomea hapo.

Kwa `)(`, rundo ni tupu tangu mwanzo, na asiyeangalia hilo kabla ya kuondoa huona programu yake ikikwama. Kwa `((`, hakuna kinachogongana njiani. Kosa hujulikana mwishoni, rundo linapobaki na kitu. Usemi mtupu huhesabiwa kuwa sahihi.

Gumu zaidi ni `print(")")`. Bano lililo ndani ya alama za nukuu ni maandishi tu, kwa hiyo lazima nukuu zitambuliwe kwanza.