Kilele na Ukingo: Mbinu ya Laplace ya Kukadiria Integrali na Suala la Watoto Waliozaliwa Paris

Utangulizi

Mbinu ya Laplace hufundishwa kwa kawaida kama kanuni moja. Panapokuwa na integrali ya fanksheni iliyopandishwa kwa kipeo chenye namba kubwa sana, sehemu kubwa ya thamani yake hutoka jirani na mahali ambapo kipeo hicho kimefikia kilele. Kwa sababu hiyo, fanksheni yote hubadilishwa na mkunjo wa umbo la kengele uliowekwa juu ya kilele hicho. Maelezo haya ni sahihi, lakini yanaficha jambo ambalo historia ya mbinu yenyewe inalionyesha wazi. Tatizo mashuhuri zaidi ambalo Pierre-Simon Laplace alilitatua kwa njia hii halikuweza kutatuliwa kwa kengele peke yake. Lilihitaji integrali mbili: moja yenye kilele ndani ya mipaka yake, na nyingine ambayo kilele chake kipo nje ya mipaka. Insha hii inafuatilia tatizo hilo, ili kubainisha kengele inafaa wapi na inapotosha wapi.

Chimbuko: tasnifu ya 1774

Mwaka 1774 Laplace, akiwa na umri wa miaka 25, alichapisha tasnifu kuhusu uwezekano wa visababishi vya matukio. Alianza na chombo chenye tiketi nyeupe na nyeusi zisizo na idadi, ambacho uwiano wa tiketi zake haujulikani. Tiketi nyeupe p na nyeusi q zimekwisha kutolewa. Je, uwiano x wa tiketi nyeupe unaweza kuwa upi? Laplace alichukulia kwamba kabla ya kutoa tiketi yoyote, kila thamani ya x kati ya 0 na 1 ilikuwa na nafasi sawa. Hivyo, uwezekano wa x kuwa kati ya mipaka fulani ni integrali ya

x^p (1 − x)^q

katika mipaka hiyo, ikigawanywa kwa integrali ileile kuanzia 0 hadi 1. Thomas Bayes alikuwa amekwisha kukabiliana na integrali ya aina hii katika insha iliyochapishwa mwaka 1763, baada ya kifo chake. Kikwazo kilikuwa cha ukokotoaji. Integrali nzima ina jibu fupi, lakini integrali ya sehemu hutoa mfululizo wa istilahi nyingi kadiri p na q zinavyoongezeka, na kwa namba za maelfu mfululizo huo haukokotoleki kwa mkono.

Hatua ya Laplace ilikuwa kutazama logarithimu ya fanksheni hiyo, yaani p ln x + q ln(1 − x). Kilele chake kipo x = p/(p + q). Alipoandika x kama kilele hicho pamoja na tofauti ndogo z, istilahi ya kwanza ya z ilitoweka, kwa kuwa mteremko kwenye kilele ni sifuri. Ikabaki istilahi ya pili, ambayo ni −(p + q)³z²/(2pq), ikifuatiwa na istilahi za z³ na kuendelea.

Uamuzi muhimu ulihusu upana wa eneo la kuzingatiwa. Laplace alichagua upana ulio mdogo kuliko (p + q)^(−1/3) lakini mkubwa kuliko (p + q)^(−1/2). Sababu ya mpaka wa kwanza ni kwamba istilahi ya z³ ina kizidishi chenye ukubwa wa p + q. Z ikibaki ndani ya mpaka huo, istilahi hiyo huelekea sifuri na inaweza kuachwa. Sababu ya mpaka wa pili ni kwamba upana wa kengele yenyewe una ukubwa wa (p + q)^(−1/2). Eneo likiwa pana kuliko huo, karibu kengele yote imo ndani yake. Kwa hiyo kuna nafasi kati ya mipaka hiyo miwili ambamo kengele inafuata fanksheni kwa usahihi na wakati huohuo inabeba karibu integrali yote. Ili kupata eneo lililo chini ya kengele, Laplace alibadilisha kigeu na kutumia matokeo ya Leonhard Euler yanayotoa kipeuo cha pili cha π. Inafaa kukumbuka kwamba Gauss, ambaye mkunjo huo umepewa jina lake, alizaliwa mwaka 1777.

Tatizo la Paris

Katika tasnifu iliyochapishwa mwaka 1781, Laplace aliitumia njia hii kwa takwimu halisi. Kati ya mwaka 1745 na 1770, orodha za Paris zilionyesha wavulana 251,527 na wasichana 241,945. Swali lilikuwa hili: je, tofauti hiyo ya watoto 9,582 ingeweza kuwa ya bahati tu, huku uwezekano halisi wa kuzaliwa mvulana ukiwa nusu au chini yake? Kwa lugha ya integrali, palihitajika integrali ya x^p (1 − x)^q kuanzia 0 hadi 1/2, igawanywe kwa integrali ileile kuanzia 0 hadi 1, ambapo p = 251,527 na q = 241,945.

Integrali ya chini haina taabu. Kilele chake kipo x = 0.50971, ndani kabisa ya mipaka ya 0 na 1, na kengele iliyowekwa hapo ina mkengeuko sanifu wa takriban 0.00071. Thamani yake ni urefu wa kilele ukizidishwa kwa mkengeuko huo na kwa kipeuo cha pili cha 2π, yaani urefu wa kilele mara 0.001784.

Integrali ya juu ni ya namna nyingine. Kati ya 0 na 1/2 hakuna kilele. Fanksheni inapanda mfululizo hadi inapokatwa kwenye ukingo wa 1/2. Sehemu kubwa ya thamani hutoka karibu na ukingo huo, na kinachotawala hapo ni mteremko, si mpindo. Mteremko wa logarithimu katika x = 1/2 ni 2(p − q), yaani 19,164. Mtu akirudi nyuma kutoka ukingoni kwa umbali u, fanksheni hupungua kama e^(−19,164u), na integrali yake ni urefu wa fanksheni ukingoni ugawanywe kwa 19,164. Hapa hakuna kipeuo cha π.

Inabaki kulinganisha urefu wa ukingoni na urefu wa kileleni. Tofauti ya logarithimu zao ni 93.035, hivyo uwiano wa urefu ni e^(−93.035), au takriban 3.94 × 10⁻⁴¹. Ukigawanywa kwa zao la 19,164 na 0.001784, ambalo ni 34.18, hupatikana 1.152 × 10⁻⁴². Istilahi inayofuata ya mfululizo wa ukingoni hupunguza jibu kwa takriban nusu asilimia na kulifikisha 1.146 × 10⁻⁴². Laplace alihitimisha kwamba jambo hili lina uhakika sawa na ukweli mwingine wowote wa kimaadili: uwezekano wa kuzaliwa mvulana mjini humo ulizidi nusu.

Pale kengele inapopotosha

Mtu anaweza kuuliza kwa nini asitumie kengele ileile ya kileleni kwa integrali zote mbili, na kusoma eneo la mkia wake upande wa kushoto wa 1/2. Ukingo huo uko umbali wa mikengeuko sanifu 13.64 kutoka kileleni. Hesabu ya mkia hutoa takriban 1.11 × 10⁻⁴², pungufu kwa asilimia 3 hivi. Kosa hili linatokana na kipeo chenyewe. Kengele inadai kwamba kipeo kimeshuka kwa 93.064, ilhali kimeshuka kwa 93.035. Tofauti ya 0.029 ni ndogo mno mbele ya 93, lakini iko ndani ya kipeo, na kwa hiyo huzidisha jibu zima.

Kwa takwimu za Paris kosa ni dogo kwa sababu kilele kiko karibu sana na 1/2, mahali ambapo fanksheni inakaribia kuwa na ulinganifu. Hali hubadilika kilele kinaposogea mbali. Tuchukulie mfano wa kubuni wa p = 600 na q = 400. Njia ya ukingo hutoa takriban 1.13 × 10⁻¹⁰, ilhali mkia wa kengele hutoa 5.4 × 10⁻¹¹, yaani chini ya nusu ya thamani sahihi. Kipeo halisi kimeshuka kwa 20.14, lakini kengele inasema 20.83. Dalili ya kosa hili inaweza kuonekana mapema: hukokotolewa kipeo halisi kwenye ukingo na kulinganishwa na kipeo cha kengele. Tofauti ikifikia sehemu ya kumi au zaidi, mkia wa kengele haufai kutegemewa, hata kama kengele hiyohiyo ni sahihi kabisa kwa integrali nzima.

Laplace aliliona jambo hili na kulipangia utaratibu. Katika kitabu chake cha nadharia ya uwezekano cha mwaka 1812 alitenganisha hali mbili. Mbali na kilele alitumia mfululizo unaotegemea uwiano wa fanksheni kwa mteremko wake, na akaeleza kwamba mfululizo huo hushindwa karibu na kilele, kwa kuwa mteremko huko huwa sifuri na mgawanyo hukosa maana. Karibu na kilele aliiandika fanksheni yote kuwa urefu wa kilele mara e^(−t²). Huku si kukata istilahi za z³. Ni kubadilisha kigeu kikamilifu, kisha kukunjua uhusiano wa x na t kuwa mfululizo. Kwa namna hiyo kengele inakuwa mwanzo wa hesabu, na masahihisho hufuata istilahi kwa istilahi.

Mpaka ambao hesabu haiuoni

Namba ndogo kama 10⁻⁴² inajibu swali moja tu: kama orodha ni sahihi na kila uzazi ni huru, je, x inazidi nusu? Haisemi orodha zilipatikanaje. Laplace mwenyewe alikutana na mpaka huu. Ubatizo wa Paris ulionyesha wavulana takriban 25 kwa wasichana 24, ilhali kwingineko alikuta uwiano wa takriban 22 kwa 21. Katika insha yake ya kifalsafa ya mwaka 1814 alieleza tofauti hiyo kwa kutaja nyumba ya watoto waliotelekezwa mjini Paris. Wazazi wa mashambani na mikoani, walioona faida ya kubaki na wavulana, walipeleka huko wasichana wengi zaidi kwa kulinganisha, na watoto hao wakaingia katika orodha za mji.

Hitimisho la Laplace la 1781 halikuanguka kwa ugunduzi huo, kwa sababu wasichana walioongezwa walipunguza tofauti badala ya kuikuza. Lakini namba 251,527 na 241,945 hazikuwa kipimo safi cha uzazi wa Paris, na usahihi wa integrali, hata ungefikia istilahi ya kumi, usingelifichua hilo. Lilifichuliwa na ulinganisho wa orodha za mahali mbalimbali. Kwa hiyo anayeitumia mbinu ya Laplace ana maswali mawili ya kujibu kabla ya kuandika kengele: kilele kiko ndani ya mipaka au nje yake, na namba zinazokiweka kilele hapo zimetoka wapi.