Bando linaisha haraka? Angalia nani yumo kwenye hotspoti yako

Ukiwasha hotspoti, simu yako inageuka kituo kidogo cha waifai. Mawimbi yake yanapita ukutani na kufika kwa jirani, na kila simu iliyo karibu inaliona jina la hotspoti yako. Kinachozuia watu kuingia ni neno la siri, na kila anayeingia anatumia bando ulilonunua wewe.

Bando linavyoondoka

Tuchukulie mfano wa mama mwenye duka aliyenunua bando la GB 2. Jumatatu alimpa mpwa wake neno la siri ili atume picha moja. Jumatano mama anawasha hotspoti kwa kazi zake. Mpwa yuko nyuma ya duka, simu ikiwa mfukoni. Simu hiyo bado inalikumbuka neno la siri, hivyo inajiunga yenyewe.

Simu nyingi husubiri waifai ndipo zisasishe programu, na wakati mwingine hazitambui kwamba waifai hii ni bando la mtu. Zikisasishwa programu tano zenye MB 100 kila moja, MB 500 zimekwenda. Hiyo ni kama robo ya bando, na mpwa hata hajaigusa simu yake.

Kuna jambo la pili. Simu nyingi za Android za miaka ya karibuni zinaweza kuonyesha neno la siri la waifai kwa alama ya mraba inayopigwa picha na simu nyingine. Kwa hiyo uliyempa neno la siri anaweza kumpitishia rafiki yake bila wewe kujua.

Neno la siri la kuweka

Hotspoti inataka neno la siri lenye herufi au tarakimu zisizopungua 8. Wengi huweka 12345678, au namba yao ya simu. Namba ya simu inajulikana na majirani, na huenda imebandikwa mlangoni pa duka. Hata mgeni asiyeijua anajua kwamba inaanza na 06 au 07. Zinabaki tarakimu 8 za kubahatisha, na kompyuta yenye nguvu inaweza kuzijaribu zote kwa muda mfupi.

Kinachosaidia zaidi ni urefu. Chagua maneno manne yasiyohusiana, uyaunganishe kwa vistari, kwa mfano:

```
kobe-sufuria-jumanne-reli
```

Usitumie haya tuliyoandika hapa, tafuta yako. Epuka majina ya watoto na mwaka wa kuzaliwa. Kumbuka pia kwamba herufi kubwa na ndogo si kitu kimoja: ukiandika Kobe badala ya kobe, simu itakataa.

Hatua za kubadilisha

Kwenye Android fungua Settings, kisha sehemu ya mtandao, halafu Hotspot & tethering. Majina yanaweza kutofautiana kidogo kati ya simu na simu. Ukifika kwenye Wi-Fi hotspot, angalia Security. Ikiwa imeandikwa None, hotspoti yako haina mlango kabisa. Chagua WPA2 au WPA3, kisha uandike neno jipya kwenye Hotspot password. Kama kifaa chako cha zamani kitashindwa kuingia ukiwa na WPA3, rudi WPA2.

Kwenye iPhone fungua Settings, kisha Personal Hotspot, ubadilishe Wi-Fi Password. Usipoitumia, zima Allow Others to Join.

Kupunguza wanaoingia

Simu nyingi za Android zina sehemu ya kuweka idadi ya vifaa vinavyoruhusiwa. Kama unatumia kompyuta moja tu, weka 1. Washa pia Turn off hotspot automatically kama ipo, ili hotspoti ijizime pasipo na kifaa kilichounganishwa.

Baadhi ya simu zinakuruhusu kumzuia mtu mmoja mmoja kwenye orodha ya waliounganishwa. Inasaidia kwa muda, lakini simu za kisasa zinaweza kubadilisha namba ya utambulisho zinayotumia kwenye waifai, na aliyezuiwa akarudi kama mgeni mpya. Njia ya uhakika ni kubadilisha neno la siri. Ukishalibadilisha, vifaa vyote vilivyolikumbuka la zamani vinabaki nje, na unawapa jipya unaowataka tu.

Kujua kama imefanikiwa

Chukua simu iliyokuwa ikijiunga zamani, uiwashie waifai. Ikishindwa kuingia au ikiomba neno la siri upya, umefaulu. Kisha unganisha kifaa chako na uhesabu vifaa vinavyoonekana kwenye ukurasa wa hotspoti. Ukiona viwili wakati umeunganisha kimoja, kuna mtu mwingine ndani.

Mgeni akihitaji intaneti leo, mpe neno la siri, na akishaondoka libadilishe.