Daftari la Matengenezo au Daftari la Matunzo?

Katika wodi ya watoto ya hospitali moja ya wilaya nilionyeshwa daftari gumu lililofunikwa kwa karatasi ya kahawia. Jaladani mtu alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: MATENGENEZO. Nilikuwa nimeitwa kusaidia kuiweka fomu ya vifaa tiba katika Kiswahili ambacho wauguzi wangeweza kukijaza bila kuuliza. Nikafunua. Mwaka mzima ulikuwa na mistari mitatu tu, na yote mitatu ilisema kifaa fulani kimeharibika, fundi ameitwa.

Nilimuuliza sista wa zamu kwa nini maandishi ni machache hivyo. Akajibu, bila kusita, kwamba vifaa vingine havijaharibika, sasa aandike nini? Jibu lake lilikuwa sahihi kabisa kwa jinsi jalada lilivyosema. Kutengeneza, kwa Mswahili, ni kukifanya kitu kibovu kiwe kizima, au kukiunda kisichokuwapo. Mashine inayofanya kazi haitengenezwi. Jina lilikuwa limemwambia azifungue kurasa siku ya hasara tu.

Mafundi wenyewe wamelitambua tatizo hili na wakaongeza neno: matengenezo kinga, yaani kazi inayofanywa kabla kifaa hakijaharibika. Istilahi hiyo imekubalika, nami siipingi. Lakini mitaani na karakanani hawaisemi, wanasema sevisi. Gari linapelekwa sevisi likiwa zima, na hakuna anayeshangaa. Hapo ndipo tunapoona kwamba wazo tunalo, tatizo ni neno lililowekwa jaladani.

Pwani kuna neno la kale linalosaidia kulifikiri jambo hili: batli. Kwanza ni kifaa cha mabaharia cha kupimia mwendo wa chombo baharini, kinachotupwa majini kikiwa kimefungwa kamba. Kisha likawa pia jina la kitabu ambamo habari za safari huandikwa. Waingereza walipita njia iyo hiyo: neno lao la daftari la aina hii limetoka kwenye kipande cha gogo kilichotupwa nyuma ya merikebu kwa kazi hiyo hiyo ya kupima mwendo. Nahodha anayeandika batli haingojei dhoruba. Anaandika mwendo, upepo na uelekeo hata bahari ikiwa shwari, kwa sababu mstari wa leo ndio utakaomweleza kesho yuko wapi. Ndiyo tofauti yake na leja ya stoo. Leja inajibu swali la tuna vitu gani na vingapi. Batli inajibu swali la kifaa kimepatwa na nini, lini, tangu kilipofika.

Nichukue kifaa kimoja ili tuone maneno yanavyofanya kazi: mashine ya kuzalisha oksijeni, ile yenye magurudumu inayokaa kando ya kitanda. Inavuta hewa ya chumbani, inaisukuma kwa kompresa kupita katika mitungi miwili yenye punje za zeolaiti. Punje hizo zinashika naitrojeni na kuiachia oksijeni ipite, na mitungi inapokezana, mmoja ukichuja mwingine unapumzishwa. Mashine nzima hutoa oksijeni ya kiasi cha asilimia 93 hivi. Shirika la Afya Duniani linataka isishuke chini ya asilimia 82. Mbele yake kuna kioo chenye kigololi kinachopanda na kushuka kuonyesha lita ngapi zinatoka kwa dakika.

Na hapa ndipo pana mtego. Kigololi kinapima wingi wa hewa, hakipimi usafi wake. Zeolaiti ikichoka, kigololi kitaendelea kuelea kwenye lita 5, chupa ya maji itaendelea kutoa mapovu, kompresa itaendelea kuunguruma, na mtoto atakuwa anapewa hewa isiyozidi sana ile ya chumbani, ambayo ina oksijeni asilimia 21. Baadhi ya mashine zina taa ya kuonya; nyingine hazina, au taa imekufa. Kwa hiyo kila mwezi fundi huiwasha, huiacha itulie kwa muda uliotajwa na mtengenezaji, kisha huweka kipimo cha usafi wa oksijeni kwenye bomba na kusoma asilimia. Kila wiki muuguzi au mhudumu hutoa sponji ya chujio la nje, huifua kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni, huisuuza na kuikausha kabisa kabla ya kuirudisha. Kazi zote hizi mbili zinafanyika kifaa kikiwa kizima. Ndizo zilizokosekana katika daftari la kahawia.

Tulipoanza upya, kila mashine ilipewa ukurasa wake wenye namba. Hizi ndizo namba za mashine ya 07. Tarehe 6 Januari, saa ilizofanya kazi tangu inunuliwe 4,112, usafi asilimia 95 kwa lita 5. Tarehe 3 Februari, saa 4,690, asilimia 94. Tarehe 3 Machi, saa 5,260, asilimia 93. Tarehe 7 Aprili, saa 5,980, asilimia 89. Kila mstari peke yake ni salama, uko juu ya 82, na aliyeusoma angesema mashine ni nzima. Ukiisoma minne kwa mpangilio unaona kitu kinachoteremka, na mara ya mwisho kimeteremka haraka zaidi.

Mwezi Mei fundi mwingine alikuwa zamu. Akaandika: saa 6,540, asilimia 92. Ahueni, inaonekana. Bahati njema fomu ilikuwa na nafasi ya mtiririko, naye alikuwa ameijaza kwa uaminifu: lita 2. Zeolaiti iliyodhoofika bado inaweza kuchuja hewa kidogo vizuri. Ukiidai lita 5 inashindwa. Alipoombwa arudie kwa lita 5, kipimo kilisoma 84. Bila neno hilo moja, lita ngapi, asilimia 92 ingekuwa uongo ulioandikwa na mtu mkweli. Ndiyo maana nasisitiza kwamba safu ya kipimo isiandikwe “hali ya kifaa” au “matokeo” tu. Iseme: usafi, kwa lita ngapi.

Wiki mbili baadaye sista alimpigia simu fundi: “Fundi, mashine inapumua vizuri, ila mtoto hapandi.” Alikuwa na maana kwamba kipimo cha kidoleni kinabaki chini ya asilimia 90 ingawa oksijeni imefunguliwa. Mtoto alihamishiwa kwenye mtungi wa oksijeni papo hapo. Maneno yale ya sista ndiyo tuliyoyaandika katika safu ya hitilafu, kama alivyoyasema.

Nieleze kwa nini, maana hapa istilahi mbili huchanganywa. Hitilafu ni kile mtumiaji alichokiona: mtoto hapandi, mashine inanuka moto, namba zinarukaruka. Chanzo ni kile fundi alichokikuta baada ya kufungua. Fomu nyingi zina safu moja iitwayo “tatizo”, na fundi anaijaza baada ya kazi kwa kuandika “zeolaiti imekwisha”. Ushahidi wa muuguzi unapotea, na siku mashine nyingine ikianza kuonyesha dalili ile ile, hakuna wa kukumbuka kwamba ilikwisha kuonekana. Safu ziwe mbili, na ya kwanza ijazwe na aliyekuwa kitandani.

Fundi alipima: asilimia 79 kwa lita 5. Alifua sponji, akabadilisha chujio la ndani, akapima tena: 80. Akapaka maji ya sabuni kwenye maungio ya mipira kutafuta pa kuvujia, hapakutoka povu. Kompresa ilikuwa na mgandamizo wa kutosha. Ilibaki mitungi ya zeolaiti. Adui mkubwa wa punje hizo ni unyevu, kwa hiyo akarudi kwenye ukurasa wa mashine kutafuta maji yalikoingilia. Mwezi Februari mhudumu alikuwa ameandika: “Sponji imefuliwa, imerudishwa bado ina maji, hakuna ya akiba.” Yawezekana si siku hiyo moja iliyoiharibu. Lakini mstari ule ulitosha kuifanya hospitali inunue sponji ya pili kwa kila mashine, kitu cha bei ndogo kuliko chochote kingine katika habari hii.

Sasa mashine inatoka wodini, na neno lingine linatusubiri. Daftari la zamani lilisema “imeondolewa”. Imeondolewa kwenda wapi? Kwa muda au milele? Mimi nimependekeza maneno mawili. Kusitishwa ni kutoa kifaa matumizini kikisubiri kipuri, fundi au uamuzi. Kinabandikwa kibao cha USITUMIE chenye tarehe, sababu na jina la aliyekibandika, na kinakaa mahali ambapo mtu wa zamu ya usiku hawezi kukikokota kwa haraka. Kuondoshwa ni kufunga maisha yake: kamati imeamua, kimetakaswa, namba yake imekatwa kwenye leja, na ukurasa wake umepigwa mstari bila kuchanwa. Kinachoua utaratibu ni kifaa kilichosimama katikati, kilichositishwa miaka mitatu iliyopita na kuhesabiwa kila mwaka kana kwamba kipo.

Mara nyingi kifaa kinachongoja hunyang'anywa viungo. Kioo cha kigololi cha 07 kilifungwa kwenye mashine ya 04 iliyopasukiwa na chake. Si kosa, mradi kurasa zote mbili ziseme. Ukurasa wa 04 unaeleza kioo kimetoka wapi, na wa 07 unaeleza kwamba sasa hata mitungi mipya ikifika, bado kuna kitu kinachopungua.

Jaladani niliandika: Daftari la Matunzo ya Vifaa Tiba. Tunza ni neno la kila siku. Mtu hutunza mtoto, shamba, nyumba, tena vikiwa vizima. Batli nimeliacha ndani ya maelezo ya wakufunzi, kwa kuwa bara wengi hawalijui, ingawa moyo wangu uko kwalo. Matengenezo limebaki, lakini ni jina la safu moja, ile ya baada ya chanzo. Wewe utakayepewa kutafsiri fomu kama hii, tafadhali liache neno hilo ndani ya safu yake, usilipandishe jaladani. Na acha nafasi ya kutosha ya kuandika “hakuna hitilafu”, tarehe na sahihi, kwa sababu mstari ulio mtupu hauonyeshi kama kifaa kilikuwa kizima au hakuna aliyekitazama.