Rufaa, Marejeo na Mapitio: Tarikhi ya Njia Tatu za Kupinga Hukumu

Aghalabu mtu aliyeshindwa katika daawa hutoka mahakamani akiwa na neno moja tu ulimini, nalo ni rufaa, kana kwamba sheria haikumpa mwanadamu njia nyingine ya kulalamikia hukumu. Kumbe sheria ya Tanzania inazo njia tatu, na kila moja ina swali lake mahsusi. Rufaa huuliza kama hukumu ilikuwa sahihi kwa sheria na kwa ushahidi. Marejeo huuliza kama mahakama ya chini ilishika njia ya halali hata ikaifikia hukumu hiyo. Mapitio huirudia mahakama ile ile iliyohukumu, na kuiomba itazame kosa la mkono wake yenyewe. Anayekwenda na swali la njia moja katika njia nyingine hurudishwa bila ya kusikilizwa, na muda wake wa kisheria huendelea kupotea. Ndiyo maana ni muhimu kujua jinsi mipaka hiyo ilivyowekwa.

Asili yake kwetu imepitia Bara Hindi. Waingereza walipoishika Tanganyika waliiletea, kwa sheria ya mwaka 1920, kanuni za Kihindi za mwenendo wa madai zilizotungwa mwaka 1908, na ndani yake mlikuwamo rufaa, mapitio na marejeo, kila moja mahali pake. Kanuni hizo zilidumu hadi mwaka 1966, Bunge lilipotunga sheria yetu wenyewe, ambayo kwa sehemu kubwa ilifuata mpangilio ule ule. Juu ya Mahakama Kuu ilikuwapo Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, iliyoasisiwa mwaka 1902, na hiyo ilipotoweka pamoja na Jumuiya mwaka 1977, Tanzania ilijiundia Mahakama yake ya Rufani mwaka 1979.

Hapo ndipo palipozuka tatizo. Mahakama Kuu ilikuwa na mamlaka ya kuagiza jalada la mahakama ya chini na kulikagua, pale ambapo hakuna rufaa, na ikaonekana kwamba hakimu ametumia mamlaka asiyopewa, au amekataa kutumia aliyopewa, au ameyatumia kinyume cha sheria. Lakini ni nani angeikagua Mahakama Kuu yenyewe? Mahakama ya Rufani ilikuwa na mamlaka ya marejeo wakati wa kusikiliza rufaa iliyokwisha kufika mbele yake tu. Pasipo rufaa, haikuwa na mkono wa kulifikia jalada. Mwaka 1993 Bunge liliirekebisha sheria, likaipa Mahakama hiyo uwezo wa kuliita na kulichunguza jalada lolote la Mahakama Kuu, ili ijiridhishe kama mwenendo na uamuzi vilikuwa sahihi na halali.

Mawakili hawakukawia kuikimbilia njia hiyo mpya, na sababu yake si ngumu kuiona. Rufaa ina masharti mengi: taarifa ya kusudio ndani ya siku 30, kisha rufaa yenyewe pamoja na nakala za mwenendo, hukumu na tuzo ndani ya siku 60, na, hadi mwaka 2023, katika mashauri mengine idhini pia. Marejeo yalionekana mepesi zaidi, maombi na hati ya kiapo. Kama Mahakama ingalinyamaza, rufaa ingalibaki jina tupu. Katika shauri la Moses Mwakibete dhidi ya Mhariri wa Uhuru na wenziwe, na katika lile la Transport Equipment na Valambhia, yote yaliyotangazwa katika taarifa za sheria za mwaka 1995, Mahakama ilisema kwamba marejeo si badala ya rufaa. Mwaka uliofuata, katika shauri la Halais Pro-Chemie dhidi ya Wella, ikaipanga kanuni yote pamoja: Mahakama yenyewe, kwa hiari yake, yaweza kufanya marejeo wakati wowote, mdaawa hawezi kuyaomba mahali palipo na haki ya rufaa, ila kwa sababu za kipekee, aweza kuyaomba pale ambapo uamuzi haukatiwi rufaa kabisa, na aweza kuyaomba pia pale ambapo njia ya rufaa imezibwa na mwenendo wa mahakama yenyewe.

Tuchukue mfano. Watu wawili wanagombania deni, mmoja anashinda, na katika kukazia hukumu dalali wa mahakama anaipiga mnada nyumba ya mtu wa tatu ambaye hakuitwa, hakusikilizwa, wala jina lake halimo katika shauri. Mtu huyo hawezi kukata rufaa, kwa kuwa rufaa ni ya mdaawa, naye hakuwa mdaawa. Basi njia yake ya kulifikia jalada mbele ya Mahakama ya Rufani ni marejeo, na hoja yake haina haja ya kugusa nani alikuwa akidai na nani akidaiwa: amehukumiwa bila ya kusikilizwa. Lakini ole wake yule mdaiwa wa kwanza akijaribu kuifuata njia hiyo hiyo kwa kuwa siku zake 30 zimempita. Kuchelewa kwake mwenyewe si kuzibwa kwa njia. Kilichompasa ni kuomba aongezewe muda.

Mapitio ndiyo njia nyembamba kuliko zote, na kwa maoni yangu ndivyo ipasavyo kuwa, kwa sababu shauri lisilokuwa na mwisho humdhulumu hata aliyeshinda kwa haki. Mahakama ile ya Afrika Mashariki ilikwisha kusema mwaka 1966, katika shauri la Lakhamshi Brothers na Raja and Sons, kwamba mahakama ya mwisho huirejea hukumu yake ili kutimiza lile ililokusudia siku ya kuitoa, wala si kulisikiliza shauri upya. Mahakama yetu ilijihesabia mamlaka ya mapitio kwa asili yake, bila ya kanuni iliyoandikwa, mpaka mwaka 2004 ilipozikusanya sababu zake katika shauri la Chandrakant Patel na Jamhuri, na mwaka 2009 zikaingizwa katika kanuni: kosa lililo dhahiri katika jalada lililozaa dhuluma, kunyimwa haki ya kusikilizwa, hukumu iliyo batili, mahakama kukosa mamlaka, na hukumu iliyopatikana kwa hila au ushahidi wa uongo. Kosa dhahiri ni lile linaloonekana mara linaposomwa; linalohitaji hoja ndefu, ambalo wajuzi wawili waweza kuhitilafiana juu yake, si dhahiri. Maombi huletwa ndani ya siku 60, husikilizwa na majaji wale wale inapowezekana, na uamuzi wake hauna mapitio mengine.

Ugumu wa njia hiyo ulionekana na taifa zima katika shauri la wanamuziki Nguza Viking, aitwaye Babu Seya, na mwanawe Papii Kocha. Mahakama ya Kisutu iliwahukumu kifungo cha maisha mwaka 2004. Mahakama Kuu ikaitupa rufaa yao mwaka 2005. Na Februari 2010 Mahakama ya Rufani, baada ya kuupima ushahidi upya kama rufaa inavyoruhusu, iliwaachia wana wengine wawili wa Nguza lakini ikawabakisha gerezani hao wawili. Wakaomba mapitio. Mwaka 2013 Mahakama iliyakataa, kwa kuwa yaliyoletwa yalikuwa malalamiko ya rufaa yaliyovikwa jina la mapitio: namna ushahidi ulivyopimwa, na namna ulivyopaswa kupimwa. Ukiona katika maombi ya mapitio maneno kama hayo, hata kama hujasoma sheria, wajua kwamba mwombaji anaomba rufaa ya pili.

Baada ya hapo mahakama za nchi zilikuwa zimekwisha kwao. Tarehe 9 Desemba 2017 Rais Magufuli aliwasamehe, na msamaha huondoa adhabu bila ya kusema kwamba hukumu ilikuwa na kosa. Na tarehe 23 Machi 2018 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, ikaamua kwamba katika baadhi ya mambo haki yao ya kusikilizwa kwa uadilifu ilivunjwa. Mahakama hiyo haikai kama mahakama ya rufaa juu ya zetu. Ilichopima ni mwenendo wa dola dhidi ya mkataba ambao dola yenyewe iliutia saini.