Ini lenye makovu: kwa nini tumbo hujaa maji na akili huvurugika

Mtu mzima anaanza kulegeza mkanda. Tumbo linakua na miguu inavimba jioni, lakini mikono na mashavu yanakonda. Miezi michache baadaye anaamka usiku wa manane, anavaa shati nyuma mbele na kumwita mkewe kwa jina la dada yake. Vijijini mara nyingi watu husema haya ni mambo mawili tofauti: tumbo amerogwa, na akili imeingiliwa na mashetani. Lakini yote mawili yanaweza kutoka mahali pamoja, kwenye ini lililojaa makovu. Madaktari huuita ugonjwa huu sirosisi, na wengine husema ini limesinyaa.

Ini lipo upande wa kulia chini ya mbavu. Damu inayotoka kwenye utumbo, ikiwa imebeba chakula pamoja na sumu, hupita kwanza kwenye ini. Humo husafishwa, kisha inaendelea kwenda kwenye moyo. Ini likiumizwa kidogo hupona lenyewe. Likiumizwa kila siku kwa miaka 10, 20 au 30, kila kidonda huacha kovu, na kovu halifanyi kazi ya ini wala halipitishi damu vizuri. Kwetu wanaoumiza ini kwa muda mrefu hivyo ni hasa virusi vya homa ya ini B na pombe, na mara nyingi vyote viwili kwa mtu mmoja. Wapo pia virusi vya homa ya ini C, na mafuta yanayojaa kwenye ini la mtu mnene au mwenye kisukari. Ubaya ni kwamba ini halipigi kelele. Makovu hujengeka bila maumivu, na wengi hujua siku tumbo linapoanza kujaa.

Mkulima wa mpunga ataelewa upesi kinachotokea. Mfereji ukizibwa mbele, maji hayasimami tu; yanarudi nyuma, yanapanda na kupasua kingo. Damu ya utumbo ikikuta ini gumu hufanya vivyo hivyo. Shinikizo hupanda kwenye mishipa na maji huchuruzika kutoka kwenye damu na kuingia kwenye nafasi iliyo kati ya utumbo na ukuta wa tumbo. Ini lililochoka pia hutengeneza kidogo mno ile protini inayosaidia kuyashika maji ndani ya mishipa. Halafu figo hudanganyika. Zinaona kama mwili umepungukiwa maji, kwa hiyo zinaanza kushika chumvi, na chumvi inavuta maji. Ndiyo maana mgonjwa huyu kwa kawaida haambiwi aache kunywa maji. Anaambiwa apunguze chumvi.

Sasa akili. Sehemu ya damu iliyokataliwa na ini hutafuta njia ya pembeni na kuingia mwilini bila kusafishwa. Ndani yake kuna amonia, ambayo hutengenezwa hasa na vijidudu vya kwenye utumbo wanapokula mabaki ya chakula. Ini zima huibadilisha na kuitoa kwa mkojo. Ini lenye makovu hushindwa, na amonia hufika kwenye ubongo. Mtu haharibikiwi mara moja. Kwanza hubadilisha usiku na mchana: anasinzia mchana na kukesha usiku. Anakuwa mkali, au mpole kupita kawaida yake. Anasahau namba ya siri ya simu aliyoitumia miaka mingi. Baadaye maneno yanakuwa mazito, na asipotibiwa analala usingizi usioamshika.

Kuna kipimo ambacho familia inaweza kukifanya nyumbani bila gharama. Kila asubuhi mpe daftari aandike jina lake na tarehe. Mwandiko ukianza kuyumba kuliko wa jana, jambo limeanza. Kipimo kingine ni kumwambia anyooshe mikono mbele na kuinua viganja kama mtu anayesimamisha gari. Kama viganja vinaangukaangukia mbele kama mbawa za ndege, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Tuchukue mfano wa mkulima wa miaka 46 kutoka bonde la Kilombero. Amekunywa pombe ya kienyeji karibu kila jioni tangu ujana, na hajawahi kupimwa homa ya ini. Tumbo lilipovimba alikwenda hospitali ya wilaya akiwa na kilo 71. Daktari alichoma sindano tumboni na kutoa maji kidogo ya kupima. Hatua hii isirukwe, kwa sababu kifua kikuu cha tumbo, saratani na ugonjwa wa moyo navyo hujaza maji, na kila kimoja kina dawa zake. Majibu yalionyesha ni ini. Akapewa spironolaktoni, kidonge cha kutoa maji kwa njia ya mkojo, pamoja na furosemaidi, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Lasix. Akaambiwa ajipime uzito kila asubuhi.

Siku kumi za mwanzo zilikwenda vizuri. Kisha, kwa kutaka tumbo liishe haraka, akaongeza vidonge mara mbili bila kuuliza. Kwa siku nne alipoteza kilo 5. Kila mtu nyumbani alifurahi. Lakini mwili ulikuwa umekaushwa, choo kilikuwa kigumu na hakikutoka kwa siku tatu, na mgongo ulipomuuma akanunua diklofenaki dukani. Usiku wa siku ya tano hakumtambua mwanawe. Ndugu walimpeleka kwa mganga, akachanjwa chale tumboni, na siku mbili zikapotea.

Tazama mambo yaliyomwangusha, maana yanajirudia kwa wagonjwa wengi. Mwenye maji ya tumbo peke yake asipungue zaidi ya nusu kilo kwa siku. Kama miguu pia imevimba, isizidi kilo moja. Akipungua kwa kasi kuliko hapo, dawa zinamkausha, na anapaswa kurudi kwa daktari zipunguzwe. Choo kinapokaa siku tatu ndani, amonia huendelea kutengenezwa na kufyonzwa. Diklofenaki, ibuprofeni na dawa za jamii hiyo huziumiza figo za mgonjwa wa ini na huweza kumfanya atokwe na damu tumboni. Kwa maumivu, madaktari huona parasetamoli kuwa salama zaidi kwake, lakini isizidi gramu 2 kwa siku, yaani vidonge vinne vya miligramu 500. Na chale? Maji ya tumboni yakipata mlango yanaweza kuingia vijidudu, na wembe unaotumiwa na watu wengi ndiyo njia mojawapo ya virusi vya homa ya ini B kuhama kutoka mtu hadi mtu.

Hospitalini dawa za kutoa maji zilisimamishwa. Walimpima malaria na sukari, kwa sababu navyo huchanganya akili. Walichukua tena maji ya tumboni kuangalia kama yameingia vijidudu. Maambukizi hayo huweza kujificha bila homa wala maumivu, na dalili ya pekee ikawa kuchanganyikiwa. Kisha wakampa laktulosi, dawa tamu ya maji inayolainisha choo na kuinasa amonia kwenye utumbo ili itoke. Lengo ni choo laini mara mbili au tatu kwa siku. Isipungue hapo, wala isifike kuharisha, kwa sababu kuharisha humkausha na kumrudisha kulekule. Siku ya tatu alimwita mkewe kwa jina lake.

Makovu hayo ya ini hayaondoki kwa wiki wala mwezi, na yaliyokomaa sana huenda yasiondoke kabisa. Linalowezekana ni kuzuia yasiongezeke, na hapo kila chanzo kina njia yake. Kwa mkulima wetu kipimo cha damu kilikuta pia homa ya ini B. Akaanzishiwa tenofovir, kidonge kimoja kila siku, dawa ileile inayotumika pia kwenye mchanganyiko wa dawa za virusi vya ukimwi. Haifukuzi virusi moja kwa moja. Inavizuia visizaliane, na kwa miaka kadhaa ini la baadhi ya watu hulainika kidogo. Kuiacha ghafla ni hatari, kwani virusi huamka kwa nguvu. Pombe naye aliiacha yote, bia na ya kienyeji. Kuacha husaidia hata kama tumbo limeshajaa, ila anayekunywa kila siku aache akiwa karibu na mhudumu wa afya, maana siku chache za kwanza huweza kuleta kutetemeka na hata degedege.

Jikoni kazi kubwa ni chumvi. Chakula chote cha siku nzima kisizidi kijiko kimoja cha chai cha chumvi, tena kisichojaa. Wengi wanaipunguza kwenye sufuria na kuisahau kwenye samaki wa chumvi, kwenye vipande vya kuungia mchuzi na kwenye magadi ya kulainishia maharage. Magadi nayo yana sodiamu, kitu kilekile kinachovuta maji. Ndimu, kitunguu saumu na tangawizi vitasaidia ladha.

Wapo bado wanaomnyima mgonjwa maharage, mayai na samaki wakiamini protini itamchanganya akili. Hayo ni mafundisho ya zamani. Misuli humsaidia kuondoa amonia, na mgonjwa huyu huyeyuka misuli haraka, kwa hiyo ale milo midogo mingi, na kabla ya kulala apate kikombe cha uji au kitu kingine, asikae na njaa usiku kucha.

Maji yakijaa hadi kupumua kukawa shida, daktari anaweza kuyatoa kwa sindano, lita kadhaa kwa mara moja. Nafuu huja siku hiyohiyo, lakini yatarudi kama chumvi na dawa havikufuatwa. Akitoa zaidi ya lita 5, kwa kawaida huongezewa albumini kwenye mshipa ili shinikizo la damu lisianguke.

Wanaokaa kando ya Ziwa Victoria waongeze jambo moja. Kichocho cha tumbo nacho huziba mishipa ya ini kwa makovu na kuvimbisha wengu, hata kwa kijana asiyekunywa pombe. Dawa yake ni prazikwanteli, na inafaa zaidi ikitolewa mapema. Kwa aina zote mbili, kutapika damu au kupata choo cheusi kama lami maana yake mishipa ya kooni au tumboni imepasuka. Hapo hakuna kusubiri asubuhi.

Nyumbani kwa yule mkulima, mkewe na watoto wanne walipimwa. Watoto wadogo walikuwa wamechanjwa kliniki. Tanzania imekuwa ikitoa chanjo ya homa ya ini B kwa watoto wachanga tangu 2002. Mtoto mkubwa, aliyezaliwa kabla ya hapo, alikutwa na virusi bila dalili yoyote. Ini lake bado ni laini, na sasa hurudi kliniki kila baada ya miezi sita.