Weupe na Ulaini wa Nyama ya Ndama: Sifa Mbili, Vyanzo Viwili

Nyama ya ndama, yaani ng'ombe aliyechinjwa kabla ya kutimiza mwaka mmoja, hutofautiana na nyama ya ng'ombe mkubwa kwa mambo mawili yanayotambulika mara moja, nayo ni rangi yake hafifu na ulaini wake mdomoni. Kwa kuwa sifa hizo zilionekana pamoja buchani, wanunuzi wa Ulaya walizichukua kwa muda mrefu kuwa ni kitu kimoja, wakaamini kwamba kadiri nyama inavyokuwa nyeupe ndivyo inavyokuwa laini. Imani hiyo haikuwa sahihi, na katika karne ya 20 iliwagharimu sana ndama wenyewe.

Rangi ya nyama hutokana na mioglobini, protini iliyomo ndani ya misuli ambayo kazi yake ni kuhifadhi oksijeni mpaka msuli utakapoihitaji. Katikati ya kila molekuli ya mioglobini mna chembe moja ya madini ya chuma, na hiyo ndiyo inayoipa nyama wekundu wake. Ndama mchanga ana mioglobini kidogo kwa sababu misuli yake haijafanya kazi nyingi. Gramu moja ya nyama yake hukadiriwa kuwa na miligramu 2 hivi, ilhali ya ng'ombe aliyekomaa huwa na takriban miligramu 8, na ya ng'ombe mzee huweza kuzidi maradufu ya hizo. Lakini umri si sababu pekee. Maziwa yana madini ya chuma machache mno, na ndama huzaliwa na akiba ndogo ya madini hayo katika ini. Akianza kula nyasi, akiba hujazwa na nyama hukolea rangi, na asipopewa chochote ila maziwa, akiba hupungua huku mwili ukizidi kukua.

Hapo ndipo historia ya nyama nyeupe inapoanzia. Ng'ombe wa maziwa hakamuliwi bila kuzaa, na nusu ya wazao wake ni madume wasiokuwa na faida kwa mkamuaji, hivyo katika maeneo ya maziwa kama Lombardia na Uholanzi madume wengi walichinjwa wakiwa wa wiki chache tu, na nyama yao ilikuwa nyeupe kwa umri wao. Baada ya Vita Kuu ya Pili, viwanda vya siagi vya Uholanzi na Ufaransa vilibakiwa na maziwa mengi yaliyokwisha kuondolewa mafuta, na yakapata soko katika maziwa mbadala ya unga, yaliyochanganywa na mafuta mengine na kupewa ndama. Kwa njia hiyo mfugaji aliweza kumkuza ndama hadi miezi mitano au sita, akapata nyama nyingi zaidi, ilimradi rangi isikolee. Ili isikolee, ndama alinyimwa majani makavu, akafungwa peke yake katika kizimba chembamba cha mbao ambamo hakuweza hata kugeuka, na kiwango cha chuma katika chakula chake kikapimwa kwa uangalifu. Upungufu wa damu, ambao kwa mnyama mwingine yeyote ungeitiwa mganga, hapa ulikuwa sehemu ya mpango wa biashara.

Uingereza ilipiga marufuku vizimba hivyo mwaka 1990, na Umoja wa Ulaya ukafuata, marufuku yake ikianza kutumika kwa wafugaji wote mwanzoni mwa mwaka 2007. Ndama aliyepita wiki nane sharti afugwe pamoja na wenzake, apewe chakula chenye nyuzinyuzi, na himoglobini ya damu yake isishuke chini ya wastani wa milimoli 4.5 kwa lita. Ni kanuni za chini kabisa, na bado zinaruhusu nyama nyeupe kuzalishwa, lakini zilifungua nafasi kwa nyama ya rangi ya waridi, inayotokana na ndama waliokula nafaka na majani. Tangu Julai 2008, sheria ya Umoja huo hutenga pia kwa umri: mnyama asiyezidi miezi minane ni wa kundi moja, na wa zaidi ya miezi minane hadi kumi na miwili ni wa kundi jingine, ambalo nyama yake huuzwa kwa jina tofauti.

Ulaini una chanzo chake mwenyewe. Misuli hushikiliwa na tishu unganishi, yaani utando na nyuzi zinazofunga mafungu ya nyama na kuyaunganisha na mfupa, na sehemu kubwa ya tishu hizo ni protini iitwayo kolajeni. Ndama hana kolajeni pungufu kuliko ng'ombe mkubwa. Tofauti iko katika viungo vinavyozifunga nyuzi hizo. Katika mnyama mchanga viungo hivyo ni dhaifu na huachia kwa joto, kolajeni ikageuka kuwa jelatini, ule ute unaoganda mchuzi ukipoa. Miaka inavyopita viungo hukomaa na kuwa sugu, ndiyo maana muundi wa ng'ombe mzee hutokota nusu siku na bado hutafunwa kwa taabu. Madini ya chuma hayahusiki na jambo hili hata kidogo, na ndama wa rangi ya waridi aliye na umri sawa na mweupe hana sababu ya kuwa mgumu kuliko yeye.

Mfano mzuri wa kupika kwa kufuata hali hiyo ni osobuko ya Milano, chakula ambacho Pellegrino Artusi alikiingiza katika kitabu chake cha mapishi cha mwaka 1891. Muundi wa ndama hukatwa kwa msumeno kukingama mfupa, katika vipande vyenye unene wa sentimita tatu hadi nne, na utando wa nje hukatwa mahali pawili au patatu ili kipande kisijikunje kikipata moto. Vipande hupakwa unga kidogo, hukaangwa kwa siagi hadi viwe vya kahawia, kisha hutiwa kitunguu na karoti zilizokatwa ndogondogo, divai nyeupe na supu ya mifupa ifikayo nusu ya kimo cha nyama. Divai ni kwa ajili ya uchachu, na asiyeitumia huongeza supu na kukamulia limau mwishoni. Sufuria hufunikwa na kuachwa kwenye moto mdogo kwa saa moja na nusu hadi mbili, mchuzi ukitikisika tu bila kuchemka kwa nguvu, kwani ukichemka sana nyama hukakamaa na uboho hudondoka kutoka mfupani. Nyama imeiva pale inapoanza kuachana na mfupa na mchuzi unapong'ang'ania midomo. Muundi wa ng'ombe mkubwa hupikwa vivyo hivyo, ila huhitaji saa tatu au nne.

Minofu isiyo na mfupa hutaka kinyume chake. Haina mafuta ya kuilinda, hivyo hukatwa myembamba, hupondwa hadi unene wa milimita nne au tano, na hukaangwa katika mafuta yenye moto mkali kwa dakika mbili au tatu tu, ikizidishwa hukauka. Anayenunua na aulize ndama alikuwa na umri gani na alikula nini, kwa maana weupe wa nyama hautajibu hata moja kati ya maswali hayo mawili.